Mzazi, Uji na Kilo za Ziada

Mama aliyejifungua Pwani au bara hapewi nafasi ya kusahau kula. Asubuhi kuna uji wa pilipili manga, mchana supu, na kwa Wachaga mtori hauishi jikoni. Akisukuma bakuli pembeni, mama mkwe analirudisha: "Kunywa mwanangu, maziwa yashuke." Siku arobaini zikipita, nguo za zamani hazifungi, na mzazi anakwama kati ya hofu mbili. Akiendelea kula hivi atazidi kunenepa, na akipunguza mtoto atakosa maziwa.

Hofu ya pili imejengwa juu ya imani kwamba maziwa hufuata sahani ya mama. Kwa kiasi kikubwa hayaifuati. Katika kijiji cha Keneba nchini Gambia, watafiti wa Uingereza waliwapa wanawake wanaonyonyesha chakula cha ziada chenye mamia ya kalori kila siku. Wanawake hao hawakuwa wanene hata kidogo. Walikuwa wakulima waliopitia misimu ya njaa. Matokeo yalipotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980, akina mama walikuwa wamenufaika kimwili, lakini kiasi cha maziwa hakikuongezeka. Kinachoamua wingi wa maziwa ni mtoto mwenyewe, yaani ananyonya mara ngapi na titi linabaki tupu kiasi gani. Titi likikaa limejaa muda mrefu hupunguza kazi, na likitolewa maziwa mara kwa mara, usiku ukiwemo, huongeza.

Hilo halina maana kwamba kutengeneza maziwa ni bure. Mtoto asiyepewa kingine chochote hunyonya wastani wa mililita 780 hivi kwa siku. Kila mililita 100 zina kalori 67 au karibu na hapo, na kwa kuwa mwili nao hutumia nguvu katika kuyatengeneza, gharama yote kwa mama hufika kalori 650 hivi kwa siku. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo, katika mapendekezo yao ya mwaka 2004, hawakumwambia mama mwenye lishe nzuri ale zote hizo. Walisema aongeze 505, kwa kuwa zilizobaki zitatoka kwenye mafuta aliyojiwekea wakati wa ujauzito. Mama aliyekonda ndiye anayetakiwa kuongeza zote. Kwa hiyo mafuta yale ya mapajani na kiunoni ni akiba iliyowekwa kwa kazi hii hii, na kuitumia ni sehemu ya mpango wa mwili wenyewe.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 29 anayeuza duka la nguo mjini Tanga. Urefu wake ni sentimita 160, uzito kilo 78, na mtoto ana miezi mitatu na ananyonya tu. Asingekuwa ananyonyesha, mwili wake pamoja na shughuli nyepesi za dukani na nyumbani ungetumia kalori 2,100 hivi kwa siku. Tukiongeza 650 za maziwa tunapata 2,750. Akila kiasi hicho, mizani haitasogea. Akipunguza 500 atabaki na 2,250, na upungufu huo, wiki baada ya wiki, ni sawa na karibu nusu kilo ya mafuta.

Itazame tena ile 2,250. Ni chakula kingi kuliko ambacho angekula asiponyonyesha, na bado anapungua. Kosa kubwa la akina mama wengi ni kuchukua mlo wa kupunguza mwili ulioandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, ule wa kalori 1,200 na maji ya ndimu, na kuufuata huku mtoto yuko titini. Kwa mama wetu wa Tanga hilo ni pengo la kalori 1,550 kwa siku, na hapo ndipo mambo huharibika. Wataalamu wengi wa lishe wanamshauri mama anayenyonyesha asishuke chini ya 1,800.

Pengo la 500 nalo limepimwa. Mwaka 2000 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti uliofanyika North Carolina, Marekani, kwa wanawake wenye uzito uliozidi ambao watoto wao walikuwa na wiki nne. Kundi moja lilipunguza kalori 500 kwa siku na kufanya mazoezi ya dakika 45 mara nne kwa wiki, na jingine liliendelea kama kawaida. Baada ya wiki kumi, kundi la kwanza lilikuwa limepungua wastani wa kilo 4.8 na la pili kilo 0.8. Watoto wa pande zote mbili walikua sawasawa. Binafsi ningesubiri wiki sita hadi nane kabla ya kuanza, kidonda kipone na maziwa yatulie, kwa sababu wiki za mwanzo mwili unajenga uwezo wa kunyonyesha na mzazi mwenyewe ana usingizi wa saa mbili mbili.

Sasa 500 hizo zinatoka wapi? Usianze na maharage, samaki wala mboga. Mama wetu ana chupa yake ya uji, vikombe vikubwa vitatu kwa siku, na kila kikombe kina vijiko vitatu vya sukari, vile vya mezani. Akibakiza kimoja kimoja, vijiko sita vinaondoka, na hizo ni kama kalori 290. Wifi yake anapokaanga mboga humimina mafuta moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Wakipima kwa kijiko, na kwenye sahani yake kikapungua kijiko kimoja cha mezani, hizo ni 120 nyingine. Asubuhi alikuwa akila maandazi mawili, sasa anakula moja na yai la kuchemsha. Hapo ameshafika au amekaribia sana, na hajagusa ugali wa mchana, maharage, dagaa, mchicha wala kiazi kitamu cha usiku. Uji wenyewe wa ulezi unabaki. Tatizo halikuwa uji.

Njaa ya kweli humpata saa nane usiku, mtoto akiwa ananyonya na nyumba nzima imelala. Ndipo anapopapasa biskuti. Ndizi mbivu na konzi moja ya karanga zikiwekwa karibu na kitanda jioni zinamaliza tatizo hilo bila mapambano. Maji anywe kwa kiu. Kujilazimisha lita tano hakuongezi maziwa, hata kama kila jirani anaapa.

Kuhusu mazoezi, kutembea haraka kunatosha. Watafiti wa California walionyesha mwaka 1994 kwamba mazoezi ya dakika 45 mara tano kwa wiki hayakupunguza wingi wala ubora wa maziwa. Yale maneno kwamba maziwa huchachia titini mama akitoka jasho tuyaache. Mkanda wa kufunga tumbo unaweza kumfariji mzazi mgongo, lakini hauyeyushi mafuta.

Kuna mlo mmoja ambao nauogopa hasa, nao ni ule wa kuondoa wanga karibu wote: hakuna ugali, hakuna wali, hakuna tunda, ni nyama na mafuta tu. Maziwa ya mama yana sukari nyingi, na mwili lazima uitoe mahali fulani kila siku. Madaktari wamewahi kuwapokea akina mama wanaonyonyesha waliofuata mlo huu, au waliokaa bila kula kwa sababu ya ugonjwa, damu zao zikiwa zimejaa asidi. Dalili huanza kwa kichefuchefu, kutapika, uchovu usio wa kawaida na kupumua haraka haraka. Hiyo ni hali ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, na kumwambia daktari wazi kwamba unanyonyesha na umeacha wanga.

Utajuaje kama maziwa yanapungua? Ulaini wa titi si kipimo. Kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili matiti huacha kujaa na kuvuja, kwa sababu yamejifunza kiasi anachotaka mtoto. Bahati mbaya huo ndio wakati akina mama wengi huanza kupunguza kula, kwa hiyo lawama huangukia chakula. Tazama nepi: mtoto aliyekwisha kupita wiki ya kwanza, anayenyonya tu, hulowesha angalau sita kwa siku, na mkojo wake ni mweupe, si wa njano iliyokolea. Kisha tazama kadi ya kliniki. Katika miezi ya mwanzo, mtoto akiongezeka chini ya gramu 500 kwa mwezi, hiyo ni dalili ya kuaminika kwamba hapati maziwa ya kutosha. Ajabu ni kwamba kadi hiyo iko kwenye mkoba muda wote, na watu wanabishana kwa kubonyeza titi.

Ikiwa kadi kweli inaonyesha mtoto hapandi, rudisha chakula ulichopunguza mara moja, mwongeze kunyonya, na mpeleke kliniki. Lakini pia jiulize ni nini kingine kilibadilika wiki hizo. Mama wetu wa Tanga angeweza kurudi dukani likizo ya uzazi ikiisha na mtoto akakosa kunyonya toka asubuhi hadi jioni. Angeweza kuanza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, ambavyo vinaweza kupunguza maziwa na ambavyo Shirika la Afya Duniani halivipendekezi kwa kawaida kwa anayenyonyesha kabla ya miezi sita, wakati vile vya homoni moja havina tatizo hilo. Hata baadhi ya dawa za mafua za kukausha kamasi, zenye sudoefedrini, hupunguza maziwa. Nyanya wa mtoto naye, akiwa na nia njema, anaweza kuwa anampa maji au uji mwepesi mchana, na kila kijiko kinachukua nafasi ya titi.

Wasioingia kwenye hesabu hii ni mama aliyekonda, mwenye upungufu wa damu ambao bado unatibiwa, anayenyonyesha mapacha, na yule ambaye mtoto wake alizaliwa njiti au hajashika uzito. Hawa wale, na wale vizuri.

Mtoto akifika miezi sita akaanza chakula, maziwa hushuka hadi kama mililita 550 na gharama yake huwa kalori 460 hivi. Mama wetu wakati huo amefika kilo 72, kwa hiyo mwili wenyewe nao unatumia kidogo kuliko zamani. Akiendelea na 2,250 kasi itapungua, naye atadhani mwili umegoma. Sasa kiasi chake ni karibu 2,000. Mahali pa kwanza pa kutazama ni kile kibakuli cha uji wa mtoto wenye siagi na karanga, ambao mtoto anakula vijiko vinne na mama, kwa kuogopa kumwaga chakula, anamalizia mara tatu kwa siku.