Upinde wa Mvua Juu ya Mtaa Uliolowa

Upinde wa mvua wa kubandika hauumbuliwi na rangi zake. Unaumbuliwa na vivuli. Mtu anachukua picha ya barabara iliyolowa, anaweka upinde mzuri juu ya paa za nyumba, na hapo hapo kwenye lami vivuli vya nguzo vinamwelekea mpiga picha, maana yake jua lilikuwa mbele yake. Upinde hauwezi kutokea upande wa jua. Hutokea upande wa pili kabisa, jua likiwa kisogoni mwa anayetazama na mvua ikiwa mbele ya macho yake. Kwa hiyo, kabla ya kufungua programu yoyote, itazame picha yenyewe na ujiulize kama mahali pale, saa ile, upinde ungeweza kuonekana.

Mwanga wa jua ukiingia ndani ya tone la mvua hupinda, hugonga ukuta wa nyuma wa tone, kisha hurudi. Mwanga mwekundu hurudi kwa wingi kwenye pembe ya nyuzi 42 kutoka pale kivuli cha kichwa chako kinapoangukia, na wa zambarau kwenye nyuzi 40 hivi. Ndiyo maana nyekundu iko nje na zambarau iko ndani, siku zote. Na ndiyo maana jua likiwa juu ya nyuzi 42, aliyesimama ardhini haoni upinde angani, kwani duara lote limezama chini ya upeo wa macho. Kwa Dar es Salaam jua hushuka chini ya kiwango hicho kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, kutegemea mwezi. Picha ya saa saba mchana iache ilivyo.

Tuchukue mfano mmoja na kwenda nao hadi mwisho. Ni picha ya mtaa wa Kariakoo, saa kumi na moja jioni, msimu wa vuli. Mvua imehamia mashariki, na huko wingu ni jeusi hadi linakaribia rangi ya samawati iliyokolea. Jua limechomoza magharibi, nyuma ya mpiga picha, na linapiga kuta za maghorofa na maji yaliyotuama barabarani. Kuna bajaji mbili, mwanamke mwenye mwavuli, na nyaya za umeme zinazokatiza anga kama kawaida ya mitaa yetu. Picha ina upana wa pikseli 4,000 na urefu wa 3,000. Imepigwa kwa lenzi kuu ya simu, ile inayolingana na milimita 26, na simu ilishikwa sawa bila kuinuliwa wala kuinamishwa, hivyo upeo wa macho uko katikati kabisa ya picha.

Saa hiyo jua huwa nyuzi kama 20 juu ya upeo. Toa 20 kwenye 42, unabaki na 22: kilele cha upinde kitakuwa nyuzi 22 juu ya upeo wa macho. Ili kuzigeuza nyuzi kuwa pikseli, zidisha upana wa picha kwa 26, gawanya kwa 36, utapata karibu 2,890. Zidisha jibu hilo kwa tanjenti ya nyuzi 22, ambayo ni 0.404, na kilele kinaangukia pikseli 1,170 hivi juu ya upeo, yaani 330 kutoka ukingo wa juu wa picha. Hesabu ni hiyo tu, na kikokotoo cha simu kinaitosha.

Sasa umbo. Wengi huchora nusu duara dogo linaloenea lote ndani ya picha, kama mpini wa kikapu. Upinde halisi ni mpana mno. Jua likikaribia kuzama, kutoka mguu hadi mguu ni nyuzi 84, na lenzi ya simu hainasi hata 70. Kwenye picha yetu miguu lazima ikatwe na kingo. Tena lenzi pana huvuta vitu vilivyo pembeni, hivyo tao linaonekana limelala zaidi ya duara la kawaida. Nilipolipima tao hilo kwa hesabu, niliona duara lenye nusu kipenyo cha pikseli kama 2,670, kitovu chake kikiwa kwenye ukingo wa chini wa picha, linakaa karibu sana na tao la kweli. Kwa lenzi nyingine au saa nyingine vipimo hivyo vitabadilika.

Je, kitovu kiwe katikati, kushoto au kulia? Hapa tena tuviulize vivuli. Fuata vivuli viwili vya nguzo kwenye lami, virefushe kwa mawazo hadi vikutane kwenye upeo wa macho. Kilele cha upinde kinakaa wima juu ya nukta hiyo. Katika picha yetu vinakutana karibu na katikati, basi kitovu kinakaa pikseli ya 2,000. Vingekutana kushoto, upinde wote ungehamia kushoto.

Kuchora kwenyewe ni kazi ndogo. Natumia GIMP kwa kuwa ni ya bure. Ongeza tabaka jipya lenye uwazi juu ya picha, chagua kifaa cha `Gradient`, weka `Shape` kuwa `Radial`, kisha vuta mstari kutoka katikati ya ukingo wa chini kwenda juu wima hadi karibu na pikseli ya 300 kutoka juu. GIMP ina mchanganyiko wa rangi uliotengenezwa tayari, `Radial Rainbow Hoop`, na wengi huangukia hapo. Tatizo ni kwamba pete yake ni nene mno. Upinde halisi una unene wa nyuzi mbili tu, ambazo kwenye picha yetu ni pikseli 115 hivi. Hata sehemu moja ya ishirini ya picha kwa urefu haifiki. Ukiuona upinde uliobandikwa ukaudhania utepe wa sherehe, ujue unene ndio uliomwangusha mchoraji.

Kwa hiyo tengeneza rangi zako mwenyewe. Mstari ukiwa bado uko kwenye picha, bofya juu yake kuongeza vituo, vyote vikiwa mwishoni kabisa, ndani ya asilimia tano za mwisho. Anza na uwazi mtupu, kisha zambarau, buluu, kijani, njano, nyekundu, na umalizie tena na uwazi mtupu. Zambarau ipe nafasi finyu na nguvu kidogo, nyekundu na njano zipe nafasi ya kutosha. Usichague nyekundu kali kama ya taa za barabarani. Jua lenyewe si nukta, lina upana wa nusu nyuzi, hivyo kila rangi inamwagikia jirani yake na hakuna inayobaki safi. Ndiyo sababu baada ya kuchora unapitisha `Gaussian Blur` ya pikseli 15 hivi, mipaka ipotee.

Kisha badilisha hali ya tabaka, `Mode`, iwe `Screen`. Hapa ndipo upinde unapoacha kuwa rangi na kuwa mwanga. Upinde haufuniki kilicho nyuma yake, unaongeza mwanga juu yake, na `Screen` inafanya hivyo hasa: inaweza kung'arisha anga lakini haiwezi kuitia giza. Juu ya wingu jeusi rangi zitatokeza vizuri. Juu ya kipande cha anga jeupe zitafifia hadi kutoweka, na hupaswi kupambana nazo, maana ndivyo inavyokuwa hata kwa macho. Anayerudi kwenye `Normal` ili rangi zionekane juu ya anga jeupe anapata kibandiko. Shusha `Opacity` hadi asilimia 35, halafu iangalie picha kwa mbali. Mimi mara nyingi huishia chini ya hapo.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau, na ndilo linaloshawishi jicho kuliko rangi. Anga iliyo ndani ya tao huwa na mwanga zaidi kuliko iliyo nje, kwa kuwa matone yote ya upande wa ndani nayo yanarudisha mwanga kidogo. Ongeza tabaka jingine, chagua eneo la ndani ya duara, lijaze nyeupe, weka `Screen`, na `Opacity` ya asilimia 6 tu. Lilainishe ukingo wake ufichwe na zambarau. Upinde wa pili, ule hafifu wenye rangi zilizopinduka, hukaa kwenye nyuzi 51. Kwenye picha yetu kilele chake kingekuwa nje ya ukingo wa juu, kwa hiyo usiuhangaikie.

Kazi ya subira ni majengo na nyaya. Waya mweusi uliopakwa kijani na njano unamaliza ushahidi wote. Kuzungushia kila waya kwa mkono ni adhabu, kwa hiyo acha anga ijichague yenyewe. Nakili tabaka la picha, liondolee rangi, na kwa `Levels` lisukume hadi anga iwe nyeupe na majengo pamoja na nyaya viwe vyeusi. Nakala hiyo ibandike kwenye barakoa ya tabaka la upinde, ile inayoongezwa kwa `Add Layer Mask`. Palipo peupe upinde utaonekana, palipo peusi utafichwa. Wingu letu ni jeusi na baadhi ya kuta zimepigwa na jua, kwa hiyo barakoa itakosea hapa na pale. Sahihisha kwa brashi, nyeusi juu ya kuta na nyeupe juu ya wingu. Ifanyie vivyo hivyo ile nyeupe ya ndani ya duara. Ghorofa la mwisho kabisa wa mtaa, ambalo mvua inanyesha kati yako na lenyewe, unaweza kuliachia upinde kidogo, asilimia 10 hivi. Hilo si kosa, matone yako mbele yake.

Kwenye barakoa hiyo hiyo ndipo upinde unapofifishwa. Chukua brashi kubwa laini, nyeusi, yenye nguvu ya asilimia 15, upapase mahali ambapo wingu limechanika. Pasipo na mvua hapana upinde, na mvua haianguki sawasawa. Ukitaka kuacha sehemu moja iwe kali, acha zile za pembeni zinazoteremka kuelekea miguuni badala ya kilele. Matone makubwa hubonyea yanapoanguka, na mwanga wake huchangia zaidi sehemu za upinde zilizosimama.

Yamebaki maji ya barabarani. Mwakisi wa upinde unapinduliwa kwenye upeo wa macho, si kwenye ukingo wa dimbwi, kwa hiyo kilele chake kiko pikseli 1,170 chini ya upeo. Kama dimbwi lipo hapo, nakili tabaka, lipindue, liachie asilimia 6 au 7, na ufute popote pasipo na maji yaliyotulia. Katika picha yetu hapo ndipo linapopita gurudumu la bajaji na maji yamevurugika, kwa hiyo nimeacha.