Michoro ya Katalogi: Kumlipa Mchoraji au Kuiagiza kwa Akili Mnemba?

Tuseme kikundi chenu kinasuka ukili na mnunuzi anataka katalogi kabla ya mwezi kwisha. Bidhaa ni 12: vikapu, mikoba, misala na kawa. Mmependa michoro ya mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe, maana inachapwa kwa wino mmoja na hata fotokopi haiiharibu. Kilichobaki ni kujua nani achore, na kwa shilingi ngapi.

Mchoraji akitaka 15,000 kwa mchoro, kazi yote ni 180,000. Programu za akili mnemba za kulipia huanzia kama dola 10 hadi 20 kwa mwezi. Dola ikiwa 2,600, ile ya chini ni 26,000. Hapo wengi hutoa kadi bila kuuliza zaidi.

Ulizeni kwanza. Benki inaweza kukata ada ya malipo ya nje, na huenda kodi ikaongezwa juu ya bei iliyotangazwa. Malipo nayo hujirudia kila mwezi, kwa hiyo ukishalipa sitisha siku hiyohiyo. Kwa kawaida utaendelea kutumia hadi muda uliolipia uishe. Tena kila picha hukatwa kwenye kiwango chako, nzuri kwa mbovu. Kwa bidhaa 12, panga bajeti ya picha 60, si 12.

Za bure nazo zina masharti yake. Baadhi haziruhusu matumizi ya biashara, nyingine hubandika alama yao au huacha picha zako wazi kwa kila mtu. Soma kipengele cha matumizi ya biashara kabla ya kuchora chochote.

Kinachookoa pesa zaidi ni maagizo yenyewe. Usiandike jina la bidhaa tu. Ukiandika “kawa”, programu inaweza kukuletea kofia. Eleza umbo na malighafi, kisha aina ya mstari, na mwisho yale usiyoyataka. Programu nyingi hushika Kiingereza vizuri zaidi, kwa hiyo mfano ni huu:

```
Black ink line drawing of a cone-shaped food cover
woven from flat palm-leaf strips, side view, fine pen
lines, plain white background, no shading, no colour,
no text
```

Kwa bidhaa inayofuata badilisha sehemu ya bidhaa peke yake. Maneno ya mtindo yaache vilevile, herufi kwa herufi, la sivyo katalogi itaonekana imechorwa na watu 12 tofauti. Programu ikikubali kupokea picha, ipe picha ya simu uliyoipiga kwa ubavu, kwenye mwanga wa dirishani, nyuma pakiwa na shuka jeupe. Njia hiyo hupunguza sana ubahatishaji.

Hata hivyo kagua. Weka kikapu mezani, mchoro kando yake, uhesabu mishikio. Kisha fuata ukili mmoja kwa kidole: je, unapita juu na chini ya wenzake, au unapotelea katikati? Akili mnemba hupenda kubuni msuko ambao hakuna mkono unaoweza kuusuka. Mnunuzi akiagiza msuko huo, hasara ni yenu.

Kuna na ukubwa. Picha ya nukta 1,024 kwa upande, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, haifiki sentimita 9. Mistari myembamba hupendeza zaidi kwa 600, na hapo inabaki sentimita 4 na kidogo. Usilipie huduma ya kukuza picha. Programu ya bure ya Inkscape ina kipengele kiitwacho Trace Bitmap, kinachogeuza mchoro kuwa mistari inayokuzwa bila kupasuka. Uhifadhi kama SVG. Lakini inahitaji kompyuta.

Njia ambayo wengi huisahau ni kuchapa picha ya simu, kuweka karatasi ya kufuatishia juu yake na kupitisha kalamu nyeusi yenye ncha nyembamba. Gharama ni ndogo na msuko unabaki wa kweli. Inakula muda tu, na inataka mtu mwenye mkono mtulivu.

Kwa mfuko mdogo na muda mfupi, mimi ningegawa kazi. Lipia mwezi mmoja, utoe bidhaa zenye umbo rahisi, kama msala na kikapu kisicho na nakshi. Zile mbili tatu zenye msuko wa pekee mpe mchoraji, na umwonyeshe michoro iliyokwisha kutoka ili aifuate mistari yake. Kwa mfano wetu, bidhaa tatu kwake ni 45,000. Ukijumlisha na 26,000 unapata 71,000 kabla ya ada na kodi, bado chini ya nusu ya 180,000. Chini ya michoro ya programu usiandike “imechorwa kwa mkono”. Kilichofanywa kwa mkono ni kikapu, na hicho ndicho mnachouza.