Mbili Kati ya Ngapi?

"Dada, hii mbili ni mbili kati ya ngapi?"

Mwanamke aliyeuliza alikuwa ameshika karatasi ya majibu ya makohozi ya mumewe. Mumewe ni dereva wa bodaboda, alikuwa amekohoa wiki tano, na kwenye karatasi paliandikwa kwa wino mwekundu: 2+. Enzi hizo nilikuwa nafanya kazi katika maabara ya kituo cha afya. Foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu kwamba ni mbili kati ya tatu, nikarudi kwenye hadubini. Alibaki amesimama mlangoni, kisha akaondoka. Mpaka leo najuta, kwa sababu jibu lile halikumwambia alichotaka kujua: je, watoto wake watatu wanaolala chumba kimoja na baba yao wako hatarini kiasi gani?

Makala hii ndiyo jibu ambalo angestahili kupewa siku ile.

Mumewe alileta vikopo viwili. Cha kwanza alitolea makohozi pale pale kituoni, cha pili alikijaza nyumbani kesho yake alipoamka. Kwa kila kikopo mtaalamu wa maabara hutafuta mahali palipo na ute mzito wa manjano, kwa kuwa bakteria wa kifua kikuu hujikusanya huko na si kwenye povu la mate. Huchota kidogo kwa kijiti, akakipaka juu ya kioo chembamba kwa urefu wa sentimita 2 na upana wa sentimita 1. Mpako ukikauka, anaweza kuupima kwa gazeti tu: ukikiinua kioo kidogo juu ya maandishi na usiweze kuyasoma, mpako ni mnene mno na bakteria watajificha. Ukiyasoma kama vile hakuna kitu, ni mwepesi mno.

Kisha kioo hupitishwa juu ya moto ili mpako ushike, na hufunikwa kwa rangi nyekundu iitwayo fuksini. Rangi hiyo hupashwa moto kutoka chini hadi itoe mvuke, bila kuchemka. Joto linahitajika kwa sababu bakteria huyu amevaa ukuta wenye mafuta mazito kama nta, na rangi haipenyi kwa urahisi. Lakini ikishapenya haitoki. Kioo kinapomwagiwa asidi, vitu vingine vyote, yaani seli za mgonjwa na bakteria wa kawaida wa kinywani, hupoteza wekundu wao. Bakteria wa kifua kikuu hubaki nao. Ndiyo maana huitwa bakteria sugu kwa asidi. Mwisho hupakwa rangi ya bluu ili pawe na mandhari ya kumtofautisha. Robert Koch alipotangaza mwaka 1882 kwamba amempata msababishi wa kifua kikuu, Paul Ehrlich aliboresha njia ya kumpaka rangi mwaka huo huo, na Wajerumani wengine wawili, Ziehl na Neelsen, wakaifikisha hapo ilipo leo.

Ukitazama kwa ukuzaji wa mara 1,000, unaona duara la bluu, na ndani yake, wakiwemo, vijiti vyembamba vyekundu vilivyopinda kidogo, vingine viwili viwili, vingine vimelaliana kama kuni. Duara moja likiisha unasogeza kioo na kupata jingine. Kazi yote ni kuhesabu.

Kikopo cha kwanza cha yule dereva kilitoa bakteria 7 katika maduara 100. Kuanzia 1 hadi 9 katika maduara 100 tunaita "wachache", na sheria inataka idadi yenyewe iandikwe, kwa hiyo niliandika 7. Wangekuwa kati ya 10 na 99, ingekuwa 1+. Kikopo cha asubuhi kilikuwa habari nyingine. Duara la kwanza 3, la pili sifuri, la tatu 5, la nne 4. Wanapoonekana kwa wingi hivyo, maduara 50 yanatosha, na mwisho wa maduara 50 nilikuwa na bakteria 162, wastani wa zaidi ya 3 kwa kila duara. Wastani wa 1 hadi 10 kwa duara ni 2+. Ukizidi 10 kwa duara, maduara 20 yanatosha kuandika 3+.

Sasa tufanye hesabu ambayo mke wake hakufanyiwa. Makohozi yanayokaa juu ya kioo ni takriban sehemu moja ya mia ya mililita. Yakitandazwa kwa vipimo nilivyotaja yanatoa karibu maduara 10,000. Hakuna binadamu anayeyapitia yote, tunapita 100 tu. Bakteria mmoja katika maduara 100 ana maana kwamba kioo kizima kina kama 100, na mililita nzima ya makohozi ina kama 10,000. Kwa hesabu hiyo, kikopo cha kwanza cha dereva kilikuwa na bakteria kama 70,000 kwa mililita. Cha asubuhi kilikuwa na zaidi ya milioni 3. Mtu ni yule yule, mapafu ni yale yale, tofauti ni usiku mmoja wa makohozi kujikusanya kifuani, na mate kidogo yaliyochanganyika mchana uliotangulia. Matokeo yanayomwelezea mgonjwa ni yale ya juu, ndiyo maana karatasi ilisoma 2+.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Wanadhani 3+ ni mara tatu ya 1+, kama vile sukari vijiko vitatu kwa kimoja. Sivyo. Kila alama ya kujumlisha ni hatua ya mara kumi: 1+ huanzia bakteria kama 100,000 kwa mililita, 2+ huanzia milioni 1, na 3+ huanzia milioni 10. Wingi wa namna hiyo kwa kawaida hutoka kwenye shimo ambalo ugonjwa umechimba ndani ya pafu. Shimo hilo lina hewa, bakteria wanazaliana humo kwa raha, na lina njia ya wazi kwenda kwenye mrija wa pumzi. Mtu akikohoa, vitone vidogo sana hukauka hewani na kubaki vikielea kwa saa kadhaa katika chumba kisicho na dirisha. Makohozi yenye bakteria mamilioni hutoa vitone vingi vilivyobeba bakteria. Makohozi yenye elfu chache hutoa vitone vingi vitupu.

Kwa hiyo ndiyo, 2+ ilikuwa na maana kubwa kwa wale watoto watatu. Wanaoishi na mgonjwa mwenye alama za juu huambukizwa kwa wingi kuliko wanaoishi na mgonjwa ambaye hadubini haikuona kitu. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma wa Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1977 akiwemo Daktari Karel Styblo, uliweka hadubini mbele kwa sababu hiyo hasa: uwapate kwanza wanaomwaga bakteria hewani, uwatibu, na mnyororo ukatike.

Lakini karatasi hiyo ina mipaka, na mpaka wa kwanza uko kwenye neno "hasi". Nimesema bakteria mmoja katika maduara 100 ni sawa na 10,000 kwa mililita. Mwenye 3,000 kwa mililita anaweza kutazamwa na mtaalamu makini kwa dakika zote zinazotakiwa na akaandikiwa hasi. Watoto wadogo na watu wenye virusi vya ukimwi ambao kinga imeshuka mara nyingi hawana lile shimo la pafuni, hivyo huumwa sana huku makohozi yao yakiwa na bakteria wachache. Tena hasi si kwamba hawaambukizi kabisa. Watafiti wa San Francisco walilinganisha vinasaba vya bakteria kutoka kwa wagonjwa wa mji huo, na mwaka 1999 wakachapisha kwamba takriban asilimia 17 ya maambukizi waliyoweza kuyafuatilia yalitoka kwa watu waliokuwa hasi kwenye hadubini.

Mpaka wa pili ni mkono wa mtu. Nimeona kioo hasi kikigeuka chanya kwa sababu kijiti cha mafuta ya hadubini kiligusa kioo cha mgonjwa aliyetangulia na kubeba bakteria wake. Ndiyo maana tone la mafuta linatakiwa kudondoshwa kutoka juu bila kugusa. Nimeona chembe za fuksini isiyochujwa zikihesabiwa kama bakteria, ingawa ukichezesha lenzi kidogo chembe hizo hukaa juu ya mpako, si ndani yake. Na jicho huchoka. Anayesoma vioo zaidi ya 25 kwa siku kwa rangi hii huanza kuruka maduara, na wa kwanza kupotea ni wale "wachache". Alama inayoshuka ghafla katika kituo chenye mtumishi mmoja na foleni ndefu si lazima iwe habari njema.

Mpaka wa tatu ndio ulionigusa zaidi katika kisa hiki. Rangi haijui aliye hai na aliyekufa. Dereva alianza dawa wiki ile ile, na mwisho wa mwezi wa pili kioo chake kilitoa bakteria 4 katika maduara 100. Mke alirudi akiwa amefadhaika, akiamini dawa zimeshindwa. Bakteria 4 hao walionekana wekundu kama wale wa mwanzo, lakini huenda walikuwa maiti tu waliokuwa wakisafishwa kutoka pafuni. Huenda pia walikuwa hai na sugu kwa dawa. Hadubini haiwezi kuamua kati ya hayo mawili, kwa hiyo makohozi yalipelekwa kuoteshwa na kupimwa usugu, na dawa ziliendelea. Hakuna aliyeota. Mwezi wa tano kioo kilikuwa hasi, na wa sita pia.

Utafiti uliofanywa Madras, India, ulionyesha kwamba wanaoishi na mgonjwa anayetibiwa nyumbani hawakuugua zaidi kuliko wale ambao mgonjwa wao alipelekwa kulazwa. Hatari kubwa ilikuwa imeshatokea kabla ya dawa kuanza. Bakteria wanaoguswa na dawa zinazowaweza huacha kuambukiza mapema, wakati hadubini bado inaandika alama. Wiki zile tano za kukohoa bila kupimwa, mlango umefungwa usiku kwa ajili ya mbu, zilikuwa mbaya kuliko miezi miwili iliyofuata.

Kwa hiyo wewe unayeshika karatasi kama ile: ikiwa ni chanya ya alama yoyote, wapeleke wote mnaolala naye wakapimwe, watoto wa chini ya miaka mitano kwanza, na usisubiri kuona nani atakohoa. Ikiwa ni hasi na kikohozi kinaendelea, rudi na makohozi ya asubuhi, yaliyotoka kifuani, na uombe yapimwe kwa mashine inayosoma vinasaba vya bakteria, kwa kuwa yenyewe huwaona hata wale ambao jicho letu haliwafikii.