Kochi Linalouzwa Magharibi

Picha zenyewe unazijua. Bustani ya majani mabichi, jua limeshazama, mbingu imebaki na rangi ya samawati nzito, na juu ya seti ya makochi zimetungikwa taa za kamba zenye mwanga wa dhahabu. Mezani kuna bilauri mbili na sahani ya matunda. Pembeni, kwa herufi kubwa, punguzo la asilimia 40 hadi mwisho wa mwezi. Watu wengi wa Mombasa na Dar es Salaam huagiza seti kama hiyo kwa kuitazama kwenye simu, bila kuikalia wala kuigeuza chini juu. Mimi nasema isinunuliwe hivyo, hasa na mtu anayeishi karibu na bahari, kwa sababu yale yanayoiua fanicha ya nje pwani ndiyo hasa ambayo mwanga wa magharibi huyaficha.

Tuanze na mwanga huo. Mpiga picha huungoja muda mfupi baada ya jua kuzama, pale mwanga wa mbingu na mwanga wa balbu vinapokaribia kulingana nguvu. Akiwahi, balbu hazionekani zimewaka. Akichelewa, mbingu inakuwa nyeusi na balbu zinatoka kama madoa meupe. Muda huo London mwezi wa Juni hufika dakika 45 na zaidi, kwa kuwa jua la huko huzama kwa mshazari. Kwetu karibu na ikweta jua hushuka wima, na baada ya dakika 20 hivi usiku umeingia. Picha nyingine hata hazikupigwa bustanini. Kampuni ya IKEA ya Uswidi ilianza mwaka 2006 kuweka kwenye katalogi yake picha ya kiti, Bertil, iliyotengenezwa kwa kompyuta, na leo njia hiyo ni ya kawaida katika biashara ya fanicha. Si kosa kuuza kwa picha nzuri. Ila mnunuzi wa Nyali au Kigamboni ajue kwamba ile hali anayoionyeshwa ataipata kwa theluthi ya saa kila siku, na saa nyingine zote kochi lake litakuwa kwenye jua kali, chumvi na giza.

Mwanga wa dhahabu una kazi nyingine pia. Rangi zote za kahawia na kijivu huzivuta zikaribiane. Kutu changa haionekani, mshono wa kuchomelea hauonekani, na mbao za aina mbili huonekana kama za mti mmoja.

Seti zinazouzwa sana katika misimu ya punguzo ni zile za plastiki iliyosukwa ifanane na henzerani. Ndani ya msuko kuna fremu ya mabomba, na fremu ndiyo inayoamua umri wa kochi. Mabomba hayo huwa ya chuma au ya alumini. Chuma hupakwa rangi ya poda, inayopuliziwa kavu kisha ikaokwa ikashika, na rangi hiyo hukilinda vizuri mpaka itakapopasuka mahali. Pwani hewa hubeba chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata siku isiyo na mvua, kwa hiyo mkwaruzo mdogo tu unatosha. Kutu huanzia sehemu tatu unazoweza kuzitabiri: chini ya miguu ambako kofia ya plastiki hushika maji, kwenye viungo vilivyochomelewa, na ndani ya bomba ambako rangi haikufika kabisa. Dalili ya kwanza ni michirizi ya rangi ya chai kwenye sakafu chini ya mguu baada ya mvua. Ukiiona hiyo, ndani kumeshaanza kulika, na kupaka rangi juu hakutasaidia.

Kuitambua fremu huhitaji sumaku ndogo, hata ile ya kubandika kwenye friji. Geuza kochi, tafuta sehemu ambayo bomba liko wazi, uigusishe katikati ya bomba, mbali na skrubu, maana skrubu zinaweza kuwa za chuma hata kama fremu ni ya alumini. Ikinata, ni chuma. Isiponata, yaelekea ni alumini, lakini usiishie hapo, kwa sababu sumaku haikuambii unene wa bomba. Mwombe mtu akalie ncha moja ya kochi la watu watatu, wewe shika ncha ya pili uisukume kwa mshazari. Fremu nyembamba hupinda na kulia kwenye viungo. Kisha chunguza boliti. Alumini yenyewe haishiki kutu nyekundu, ila ikikutana na boliti ya chuma cha kawaida penye chumvi, huanza kulika kuzunguka boliti na kutoa unga mweupe. Boliti za chuma kisichoshika kutu huchelewesha sana tatizo hilo, na fundi anaweza kuzibadilisha kwa bei ndogo kabla seti haijawekwa nje.

Msuko nao una umri wake. Ule mzuri ni wa plastiki ya polithini iliyotiwa rangi mpaka ndani pamoja na dawa ya kuikinga na jua. Tazama chini ya kiti mahali ambapo fundi alikatia ncha ya uzi: ikiwa rangi ya ndani ni ileile ya nje, ni dalili njema. Kwenye seti ya maonyesho iliyokaa nje ya duka, linganisha sehemu ya juu ya mkono na sehemu ya chini ya kiti. Ikiwa juu kumepauka, au uzi una nyufa ndogo kama za ngozi kavu, hapo jua limeshafanya kazi yake, na uzi utaanza kukatika mmoja mmoja mahali watu wanapoegemea.

Sasa bei. Tuchukue mfano wa Mombasa, tarakimu zikiwa za kukisia tu. Seti ya chuma ilikuwa shilingi 120,000, ikashushwa kwa asilimia 40 ikawa 72,000. Kando yake kuna seti ya alumini isiyo na punguzo kwa 130,000. Kama ile ya chuma itakaa miaka mitatu karibu na bahari, kila mwaka utakuwa umelipa 24,000. Ile ya alumini ikikaa minane, umelipa 16,250 kwa mwaka, na hukulipa mkokoteni wa kwenda kuitupa. Peleka seti zote mbili Nairobi, chini ya paa la veranda, hesabu inageuka: chuma kilichopakwa vizuri kinaweza kuishi miaka mingi huko, na lile punguzo likawa faida ya kweli.

Punguzo lenyewe linafaa kuulizwa limetoka wapi. Ulaya na Marekani Kaskazini sababu iko wazi. Watu hukaa bustanini miezi michache ya joto, na ifikapo Agosti na Septemba muuzaji hataki kulipia ghala mpaka joto lirudi, kwa hiyo hushusha bei. Sisi hatuna majira ya baridi ya namna hiyo. Kinachotuingiza ndani ni masika, kuanzia Machi hadi Mei. Duka linaloshusha bei Desemba, wakati wageni wanashuka pwani na kila mtu anataka kukaa nje, lina sababu nyingine. Huenda ni seti ya maonyesho, huenda ni rangi iliyokataliwa, huenda ni mzigo wa bei ya chini ulioagizwa kwa ajili ya ofa. Muuzaji mkweli ataitaja akiulizwa.

Anayetaka mbao, ile iliyozoeleka kwa kukaa nje ni mtiki, na Tanzania inaupanda katika mashamba ya serikali, likiwemo la Longuza, Muheza. Mtiki unasifiwa kwa sababu ya mafuta yaliyo ndani ya kiini chake, na hapo ndipo pa kuangalia. Kiini kina rangi ya asali ya kahawia. Ubao wa pembeni, ulio karibu na gome, ni mweupe, hauna kinga hiyo, na huoza na kuliwa na mchwa kama ubao mwingine wowote. Mti uliovunwa mchanga una ubao mweupe mwingi. Rangi ya kupaka huufunika, na taa za dhahabu humalizia. Geuza kiti mchana, tazama upande wa chini usiopakwa. Mtiki wenye kiini kitupu ukiachwa nje hugeuka kijivu, na hilo si ugonjwa. Nguvu yake iko palepale, na mimi binafsi naupenda zaidi ukiwa hivyo.

Taa za kamba ni rahisi kuliko fanicha, ila zinashika umeme, kwa hiyo zistahili uangalifu. Kwa ua wa mita nane, kamba ya mita kumi yenye balbu kumi inatosha, maana inahitaji kulegea katikati. Balbu za LED za wati moja moja hutumia wati kumi kwa jumla; za zamani za wati 25 zingetumia 250 na kupasha joto kila kitu. Ule mwanga wa dhahabu wa kwenye picha umeandikwa kwenye boksi 2700K. Ukichukua 6500K utapata mweupe wa hospitali, na wadudu watakuwa wengi zaidi. Tafuta pia alama ya IP44 au zaidi: tarakimu ya pili, 4, ina maana kwamba maji yanayorukia kutoka upande wowote hayaingii. Usitundike kamba kwa waya wake wa umeme. Kaza kwanza waya wa chuma usioshika kutu kutoka ukutani hadi kwenye nguzo, kwa urefu wa mita mbili na nusu hivi, kisha funga kamba juu yake, holda zikitazama chini ili maji yasitue ndani. Plagi na adapta vikae chini ya paa, na soketi hiyo iwe kwenye sakiti yenye kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30.

Mito ya kukalia nitaipitia haraka: iwe na zipu, foronya itoke ifuliwe, na ilale ndani usiku. Sponji iliyolowa masika haikauki mpaka imeshaota ukungu.

Ukisharidhika, kabla hujalipa, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti kile alichokuambia kwa mdomo: fremu ya alumini, boliti zisizoshika kutu, au mtiki. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na za Tanzania zinataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, hata kama kilikuwa kwenye punguzo. Risiti iliyoandikwa "seti ya bustani" tu haitakusaidia siku sumaku itakaponata.