DELETE, TRUNCATE, DROP: ipi inakuacha urudi nyuma?

Tuseme umepewa databesi ya kituo cha kununua majani chai huku Nyamira. Kila karani akipima mzigo, jedwali liitwalo majani linapata mstari mmoja: namba, mkulima, kilo na tarehe. Mistari imefika laki tano, simu inakwama, na bosi anasema, "Hebu safisha hiyo kitu." Sasa swali ni moja: unasafisha na amri gani?

DELETE huondoa mistari tu. Ndiyo pekee inayokubali WHERE, kwa hivyo unaweza kutoa ya mwaka jana na kuacha ya mwaka huu. Inapitia mstari mmoja mmoja na kuandika kumbukumbu ya kila kilichotoka, ndiyo maana inajikokota. Lakini kumbukumbu hiyo ndiyo inayokuokoa:

```sql
START TRANSACTION;
DELETE FROM majani WHERE tarehe < '2024-01-01';
SELECT COUNT(*) FROM majani;
ROLLBACK;
```

Ukiona hesabu imeshuka kuliko ulivyotarajia, ROLLBACK inarudisha yote. Ukishaandika COMMIT, imeenda. Na ukisahau START TRANSACTION, MySQL inajikomitia yenyewe papo hapo.

TRUNCATE haihangaiki na mstari mmoja mmoja. Kwenye MySQL inabomoa jedwali na kulijenga upya likiwa tupu, kwa hivyo laki tano zinaweza kuisha kufumba na kufumbua. Safu zote zinabaki, ila namba ya AUTO_INCREMENT inaanza tena kwa 1. Hapo kuna mtego: kama risiti za wakulima zina namba hizo, risiti mpya namba 1 itagongana na ile ya zamani. Kwa DELETE, kaunta ingeendelea ilipoachia.

DROP inabeba kila kitu: mistari, safu, faharasa, jina lenyewe. Karani akijaribu kuingiza kilo, anapata kosa namba 1146, kwamba jedwali halipo.

Sasa hapa ndipo wengi huchomeka. Kwenye MySQL, TRUNCATE na DROP hujikomitia zenyewe hata ukiwa ndani ya muamala. Ukiandika ROLLBACK baadaye, skrini inakujibu `Query OK` kama kawaida, na hakuna kilichorudi. PostgreSQL ni tofauti: ukianza na BEGIN, zote tatu zinarudishwa mradi hujakomiti. Kwa hivyo mafunzo uliyosoma ya moja usiyapeleke kwa nyingine.

Kwa kituo chetu, jibu ni DELETE yenye WHERE, ikifanywa usiku kwa mafungu ya mistari elfu kumi kumi ili karani asifungiwe jedwali. TRUNCATE iachie jedwali la majaribio. DROP iguse tu baada ya kuchukua nakala kwa mysqldump, na kuifungua mahali pengine uone kweli inafunguka.