Duka Limepata Faida, Mtaji Umepungua

Tuseme mwenye duka la vifaa vya ujenzi Morogoro amefunga mwaka na faida ya shilingi milioni 9. Alianza na mtaji wa milioni 20, lakini sasa ana milioni 18. Hajaibiwa. Amechukua milioni 11 mwenyewe: ada za watoto, kodi ya nyumba, kodi yake ya mapato, hela za sokoni kutoka kwenye droo, na bati alizoezekea nyumba yake.

Fedha hizo si gharama za biashara, kwa hiyo haziingii kwenye hesabu ya faida na hasara. Zinakatwa kwenye mtaji wenyewe: 20 jumlisha 9, toa 11, zinabaki 18. Bati nazo huandikwa kwa bei aliyonunulia, kwa sababu hakumuuzia mtu. Wengi huingiza ada ya shule kwenye matumizi ya duka, faida ikaonekana ndogo, wakaanza kulaumu soko wakati duka linauza vizuri. Ndiyo maana naona daftari la fedha anazochukua mwenyewe lina haki sawa na daftari la mauzo.

Sasa duka hilohilo liwe kampuni yake. Milioni 20 zinakuwa mtaji wa hisa, na hazipandi wala kushuka kwa sababu ya faida ya mwaka. Faida ina mahali pake kwenye mizania: faida iliyolimbikizwa. Ikiwa hajilipi mshahara, na faida ya kutozwa kodi ni hizohizo milioni 9, kampuni inalipa asilimia 30, yaani milioni 2.7. Zinabaki milioni 6.3, na kama huo ni mwaka wa kwanza, hapo ndipo mwisho wa gawio. Gawio lote likitolewa, asilimia 10 inazuiwa kwa ajili ya TRA, naye anapokea milioni 5.67.

Je, akizoa milioni 11 kama alivyozoea? Milioni 5.33 zilizozidi haziwezi kuitwa gawio. Zinaandikwa kuwa deni lake kwa kampuni, kwa kuwa fedha ni za kampuni hata kama hisa zote ni zake. Kampuni ikifilisika, mfilisi anaweza kumdai. Akijilipa mshahara, huo ni gharama ya kampuni: hupunguza faida kabla ya kodi, naye hukatwa kodi ya mshahara.

Akiamua kutochukua gawio, milioni 6.3 zinabaki na haki ya wenye hisa inafika milioni 26.3. Lakini asizitafute benki. Huenda zimeshageuka saruji stoo na madeni ya mafundi waliokopa nondo. Akitangaza gawio mwaka unaofuata bila kuangalia salio la benki, kampuni italazimika kukopa ili kumlipa.