Habari ya Safari Isemwe Kabla ya Posa

Kijana akileta posa nyumbani kwetu, wazee huuliza habari za ukoo wake, za mwenendo wake, hata za magonjwa ya jamaa zake. Ni nadra kumsikia mzee akiuliza, "Mwaka ujao utakuwa ukiishi mji gani?" Zamani swali hilo halikuwa na uzito, maana mwenye shamba alijulikana atakuwa wapi. Leo barua moja ya kuitwa kazini au chuoni yaweza kumwondoa mtu Masasi na kumfikisha Dodoma kabla mwezi mwingine haujaandama. Na wawili wenyewe hulikwepa swali lile lile. Wamefahamiana juzi tu, na kila mmoja aogopa kuonekana ama ana haraka ya ndoa, ama anatafuta mlango wa kutokea.

Na tuweke mbele yetu mfano wa watu wawili. Kijana ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huko Masasi, naye yu katika mwaka wake wa kwanza wa kazi. Binti ni tabibu mwenye stashahada katika kituo cha afya cha misheni. Walianza kuzungumza Pasaka, na sasa ni mwezi wa sita. Binti anakusudia kuomba nafasi ya kusoma udaktari Muhimbili, Dar es Salaam. Maombi ya vyuo vikuu kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, na masomo huanza karibu na mwisho wa mwaka, basi neno lenyewe haliko mbali. Hata hivyo hajamwambia. Asema moyoni, "Nikimwambia sasa, atadhani namkimbia. Nisipopata nafasi, nitakuwa nimemtia wasiwasi bure."

Fikira hiyo ni ya upole, lakini katika mji mdogo haifai. Vyeti hupelekwa kugongwa muhuri, mganga mkuu huombwa barua, wenzake wa zamu hujua. Baada ya wiki mbili mwalimu ataulizwa na muuguzi njiani, "Kumbe Daktari anatuacha?" Hapo linalomwumiza si safari. Linalomwumiza ni kwamba watu wote walijua ila yeye. Habari hiyo hiyo, ikitoka kinywani mwa mwenyewe, isingekuwa na uchungu wa namna hiyo.

Aseme nini, basi? Kwanza apambanue maneno matatu ambayo watu huyachanganya: nataka, nimeomba, nimepata. Mtu asemaye "naenda Dar es Salaam" hali hajaomba bado, amemfanya mwenzake aomboleze jambo lisilokuwapo. Naye asemaye "nafikiri-fikiri tu kusoma" hali barua i mfukoni, amemdanganya. Binti wetu yu katika neno la kwanza, akaribia la pili. Yafaa aseme hivi: "Mwalimu, kuna neno nataka ulisikie kwangu mwenyewe. Nataka kusoma udaktari. Sijaomba bado, nitaomba mwezi ujao. Nikipata, ni miaka mitano ya chuo na mmoja wa mazoezi hospitalini. Sikudai jibu leo."

Tazameni alichokitaja. Amesema amefika hatua gani, lini jambo litajulikana, na litachukua muda gani. Ule muda ndio watu huuficha. "Naenda kusoma" husikika kama miaka miwili au mitatu, kumbe udaktari ni sita, na hospitali ya mazoezi ya mwaka ule wa mwisho hupangwa na wizara, yaweza kuwa Mwanza wala si Dar es Salaam. Tena amemwachilia mwenzake asijibu papo hapo. Jibu la papo hapo kwa habari kama hii, la furaha au la hasira, mara nyingi halidumu hata wiki.

Sasa twende kwa mwalimu. Majibu mawili humjia upesi, na yote mawili yana kasoro. La kwanza ni, "Basi nitakufuata." Ni neno tamu, ila hana uwezo wa kulitimiza peke yake. Mtumishi mpya wa serikali kwa kawaida hutakiwa akae miaka mitatu katika kituo chake cha kwanza kabla ya kuomba uhamisho. Baadaye lazima mwajiri wake akubali kumwachia, na wa huko akubali kumpokea. Kuhama kwa kumfuata mwenzi huhitaji ndoa yenye cheti. Iko pia njia ya kubadilishana na mwalimu mwingine, lakini ampate wapi mwalimu wa Dar es Salaam atamaniye kuja Masasi? Huenda akampata, walakini asimwahidi mtu kwa huenda.

Jibu la pili ni, "Chagua, mimi au chuo." Kwa mtu waliyefahamiana naye miezi miwili, hilo si swali la haki. Binti akilitii, ataacha masomo kwa ajili ya mtu ambaye hajamwona katika njaa wala katika ugonjwa, na kila watakapogombana atalikumbuka. Wako pia mabinti waachao mpango wao wenyewe bila kuombwa, wakidhani ndio upendo. Kijana mwenye busara akiona hivyo na aulize: "Wataka kweli kubaki, au waogopa mimi nitaondoka?"

Lifaalo ni mwalimu naye aweke mpango wake mezani: "Daktari, nashukuru umeniambia. Mimi kabla ya miaka miwili zaidi siwezi hata kuomba kuhama. Nami nilikuwa nikifikiri kujiendeleza, ila sijaamua." Hapo pana mambo ya kuhesabu. Basi la Masasi na Dar es Salaam ni safari ya siku nzima, likizo za shule na za chuo hazilingani kila mara, na nauli ni ya mshahara mmoja tu. Aulize pia ni nani atakayelipa ada. Akisomeshwa na mwajiri wake, yamkini atatakiwa arudi kumtumikia, na habari hiyo yabadili sura ya jambo zima, maana marejeo ni Masasi. Akisoma kwa mkopo au kwa fedha za wazazi, hakuna ajuaye atapata kazi wapi.

Neno moja la hadhari, hasa kwa vijana wa kiume. Msiitumie ahadi ya ndoa kama dawa ya kutuliza machozi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yampa aliyeahidiwa ndoa kisha akaachwa nafasi ya kudai fidia mahakamani. Asemaye "nitakuoa kabla hujaondoka" ili jioni ipite kwa amani, amesema neno kubwa kuliko alivyokusudia.

Na wazazi? Kwa maoni yangu wasiambiwe mpaka majina ya waliochaguliwa yatoke. Baba akisikia mapema, ama ataharakisha mahari ili binti asiende akiwa huru, ama atamkataza kijana kuja, na yote hayo kwa ajili ya ombi ambalo huenda likakataliwa.

Wawili hawa na wapatane siku ya kuzungumza tena, iwe juma lile majina yatakapotoka. Katikati wasilirudie kila jioni, maana hakuna jipya la kusema. Siku hiyo ikifika, jina likiwamo, mwalimu aulize lile ambalo mwezi wa sita lisingaliulizika: "Je, wataka tuendelee tukiwa mbalimbali, na mimi nije Dar es Salaam mara ngapi kwa mwaka?" Binti naye ajibu kwa hesabu. Akijibu "tutaona" tu, mara ya kwanza na ya pili, mwalimu na asimlazimishe, bali asimtume mshenga mwaka huo.